Mchujuko: Jina la Kinachoupata Mwili Ulioacha Mazoezi

Ipo tafsiri inayozidi kujipenyeza katika vitini vya makocha na walimu wa elimu ya viungo, nayo ni "uondoaji mafunzo". Inafaa ipingwe kabla haijaota mizizi. Aliyeitunga alilikata neno la Kiingereza "detraining" vipande viwili, akakuta kiambishi cha kuondoa na kitenzi cha kufunza, akavifasiri kimoja kimoja kisha akavigandisha. Hakujiuliza ni nani anayeondoa, wala anamwondolea nani. Mwanariadha akiambiwa kwamba amepatwa na uondoaji mafunzo atadhani amekatwa jina kambini. Wengine, kwa kuikimbia tafsiri hiyo, wameshika "kuacha mazoezi". Hicho ni Kiswahili safi, lakini kinataja uamuzi wa siku moja, ilhali linalotafutiwa jina ni mabadiliko yanayoujia mwili wiki baada ya wiki tangu uamuzi huo. Kuacha ni sababu, na tunachotaka kukiita ni matokeo yake. Jina ninalolitetea ni mchujuko.

Shina lake ni kuchuja, kitenzi cha jikoni: tui la nazi huchujwa kwa kifumbu, chai kwa chujio. Kutoka hapo lugha imezaa vitenzi viwili ambavyo kamati zetu huvichanganya. Kuchujika ni kuwezekana kuchujwa. Kuchujuka ni kupungukiwa na rangi au ladha, pasipo mtendaji anayeonekana. Kanga inayofuliwa na kuanikwa juani huchujuka. Haipotezi rangi zote kwa siku moja, wala zote kwa kasi moja. Na hata ikipauka, jina lake bado huweza kusomeka. Kiambishi hicho cha -uka ndicho kilichomo katika lipuka, fumuka na zunguka, na wote tumekubali mlipuko, mfumuko na mzunguko bila kikao. Mchujuko umefuata njia hiyo hiyo. Isitoshe, wasemaji walitutangulia: mchezaji aliyeshuka kiwango husemwa amechujuka, na kila msikilizaji anaelewa.

Lakini istilahi haitoshi kuwa tamu masikioni. Sharti ilingane na kinachotokea mwilini. Tuanze na moyo. Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 7 waliozoea mazoezi ya pumzi, ambao waliyaacha kabisa kwa siku 84. Kipimo kikuu kilikuwa upeo wa oksijeni, yaani kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia ukijikaza hadi mwisho. Katika siku 21 za kwanza upeo huo ulishuka kwa asilimia 7. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, kisha ukatulia. Mkimbiaji mwenye upeo wa mililita 60 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, akishuka kwa kiwango hicho, atabaki na takriban 56 baada ya wiki 3 na 50 baada ya wiki 8. Asilimia 7 zimeondoka katika wiki 3, na 9 nyingine zimechukua wiki 5. Hatua hizo mbili zina sababu tofauti. Kwanza hupungua maji ya damu, yaani plazma. Moyo unarudishiwa damu kidogo, hivyo kila pigo linasukuma kidogo. Coyle alilithibitisha hilo mwaka 1986: alipowaongezea maji ya damu watu walioacha mazoezi kwa wiki 2 hadi 4, sehemu kubwa ya pengo la pigo la moyo ilizibika. Baadaye ndipo misuli yenyewe inapozidi kupoteza uwezo wa kuichukua oksijeni, kwa kuwa vimeng'enya vya mitokondria vinapungua. Kapilari zilizochipua ndani ya misuli, hata hivyo, zilikuwa bado zipo siku ya 84, na watu wale bado waliwazidi wasiowahi kufanya mazoezi. Rangi moja imetoka mapema, nyingine imefuata, nyingine haijaguswa. "Uondoaji" hauwezi kubeba habari hiyo, maana kilichoondolewa hakipo tena.

Nguvu za misuli zina mwendo wake. Mwaka 1993 Tibor Hortobágyi na wenzake waliwasimamisha wanyanyua vyuma 12 kwa siku 14. Uzito waliouweza kwa kuchuchumaa na chuma mabegani ulipungua kwa asilimia 0.9, na wa kusukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi kwa asilimia 1.7, kitakwimu hayo si mabadiliko ya kuhesabiwa. Anayechuchumaa na kilo 140, akipoteza asilimia 0.9, amepungukiwa na uzito wa kisahani kimoja cha kilo 1.25. Hata hivyo, nyuzi za misuli zenye kasi zilikuwa zimesinyaa kwa asilimia 6.4. Nguvu ilidumu kwa sababu sehemu yake kubwa ni ustadi wa mishipa ya fahamu kuziamsha nyuzi nyingi kwa pamoja, na ustadi huo hausahauliki upesi. Hapa wanaoshika "mnyauko wa misuli" wanakosea. Mnyauko ni kusinyaa kwa nyama; hutokea ndani ya mchujuko, lakini nguvu inaweza kubaki wakati nyama imeanza kupungua, na pumzi inaweza kwisha kabla ya yote mawili.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya wanaotetea "mpwao", kutoka kupwa kwa bahari. Wanasema kanga iliyochujuka hairudi upya, ilhali mwili hurudi. Nakiri kwamba neno lao lina uzuri wa pwani, lakini linapotosha pale panapouma. Maji yaliyokupwa hujaa yenyewe, hata mvuvi akilala. Mwili haujai wenyewe. Katika uchunguzi wa Robert Staron na wenzake uliochapishwa mwaka 1991, wanawake waliokwisha kujenga misuli kwa wiki 20 walikaa zaidi ya miezi 6 bila mazoezi, kisha wiki 6 tu za kurudi zikawarudishia sehemu kubwa ya walichopoteza. Walirudi kwa kufanya kazi, kama nguo inayorudishwa kwa kutiwa rangi upya, na kazi ilikuwa fupi kwa sababu kitambaa hakikuwa kipya. Wapo pia wanaosema mchujuko ni neno la mitaani. Wangetuambia kwanza ni lini mitaa ilinyang'anywa haki ya kuunda Kiswahili. Na anayenikumbusha vijana 5 wa Dallas waliolazwa kitandani siku 20 mwaka 1966, upeo wao ukashuka kwa zaidi ya robo, analeta kesi nyingine: wale walinyimwa hata kusimama, na aliyeacha mazoezi bado anatembea kwenda sokoni.

Matumizi ni mepesi: tuseme mchujuko wa pumzi na mchujuko wa nguvu, na tusiviunganishe. Kocha ataugundua wa kwanza mapema kwa kuhesabu mapigo ya moyo katika kasi ile ile ya zamani, maana yatakuwa yamepanda. Wa pili atausubiri wiki kadhaa, ingawa kwa wazee huja mapema zaidi. Mchezaji anayerudi baada ya wiki 3, akabeba chuma chake cha kawaida lakini akahema kabla ya nusu ya kwanza kwisha, hajadanganya wala hajarogwa. Amechujuka pumzi, nguvu bado anayo. Sentensi hiyo ataielewa bila kitini.