Hifadhi ya dhahabu: nyumbani, benki au kwa muuzaji

Hifadhi ya dhahabu ni utaratibu wa kuiweka dhahabu halisi, yaani sarafu na matofali, mahali ambapo mwenyewe ataikuta siku akiitaka. Njia zinazotumika zaidi ni tatu: sefu ya nyumbani, kisanduku cha kukodi benki, na ghala la muuzaji au la kampuni ya ulinzi inayomfanyia kazi. Kwa kawaida watu huzilinganisha kwa unene wa kuta, na hapo ndipo hesabu huharibika, kwa sababu ukuta humchelewesha mwizi tu. La kuuliza ni nani atabeba hasara ukuta ukishindwa. Jibu lake limeandikwa kwenye mkataba, na wenye mali wengi huusaini bila kuusoma.

Nyumbani tatizo la kwanza ni udogo wa mali yenyewe. Sarafu 20 za Krugerrand, kila moja ikiwa na wakia moja ya dhahabu safi, zikipangwa moja juu ya nyingine hazifiki sentimita 6 kwa kimo, na uzito wake wote haufiki gramu 700. Kwa bei ya mfano ya dola 3,000 kwa wakia, hizo ni dola 60,000 zinazoingia kwenye mfuko wa koti. Sefu nzuri husaidia. Ile ya daraja la kwanza katika kipimo cha Ulaya cha EN 1143-1 hukubaliwa na kampuni za bima za Uingereza kuhifadhi vitu vya thamani hadi pauni 100,000, mradi imefungwa ipasavyo kwa bolti. Sefu nyepesi isiyofungwa hubebwa nzima, ikafunguliwe kwingine kwa raha. Lakini sefu hupimwa dhidi ya drili na msumeno. Haikupimwa dhidi ya mwenye nyumba aliyeshikiwa kisu, na wanaojua kuna nini ndani huwa ni wengi kuliko anavyodhani: fundi aliyeifunga, mleta mzigo, mtoto aliyemsimulia rafiki.

Bima ya nyumba nayo hutoa kidogo mno. Huko Marekani, fomu ya kawaida inayoitwa HO-3 inaweka dhahabu isiyo chombo wala pambo kwenye fungu moja na noti na sarafu, na fungu zima lina kikomo cha dola 200. Pete na mikufu ikiibwa, kikomo ni dola 1,500. Mwenye zile sarafu 20 anayeamini kwamba "nyumba ina bima" atapata fidia isiyotosha hata kununua sehemu ya kumi ya sarafu moja. Anaweza kuomba nyongeza maalumu, na hapo ataulizwa stakabadhi, picha, aina ya sefu na king'ora. Asome pia vifungu vinavyotaja mali isiyofidiwa, maana bima nyingi hazilipi upotevu usioelezeka: dhahabu haipo, mlango haukuvunjwa, na hakuna anayejua ilitoweka lini.

Kisanduku cha benki huonekana kuponya yote hayo kwa kodi ndogo. Kodi ni ndogo kwa sababu benki haiuzi ulinzi wa thamani, inakodisha nafasi. Haijui umeweka nini, haikukabidhiwa kwa kuhesabiwa, na kwa hiyo kilichomo si akiba kwa maana ya sheria. FDIC, shirika la Marekani linalokinga akiba za wateja benki inapoanguka, halikingi yaliyomo kwenye visanduku. India ilikwenda mbele kidogo: tangu Januari 1, 2022, benki kuu ya huko inazitaka benki kulipa hadi mara 100 ya kodi ya mwaka pale mali inapopotea kwa wizi, moto, kuporomoka kwa jengo au hila ya mfanyakazi. Ni hatua njema, lakini tuipigie hesabu. Kwa kodi ya dola 150, dhima inaishia dola 15,000, robo ya thamani ya zile sarafu. Robo tatu zilizobaki ni za mwenyewe, mpaka akate bima yake pembeni.

Na vyumba hivi huvunjwa. Katika sikukuu ya Pasaka ya 2015, wezi walishuka kwa shimo la lifti katika mtaa wa Hatton Garden, London, wakatoboa zege la sentimita 50 na kufungua visanduku zaidi ya 70 vya kampuni binafsi ya hifadhi. King'ora kililia, mlinzi akaja, akatazama mlango, akaondoka. Novemba 2017 mjini Thika, Kenya, wezi walichimba handaki kutoka duka la kukodi hadi chumba cha fedha cha tawi la KCB na kuondoka na zaidi ya shilingi milioni 50. Matukio yote mawili yalitumia siku za mapumziko, wakati mlango mkubwa haufunguliwi na mtu.

Inashangaza, basi, kwamba njia ya tatu, ghala la muuzaji, inayoonekana ya matajiri, ndiyo inayoweza kuwa rahisi. BullionVault, kampuni ya London, hutoza asilimia 0.12 ya thamani kwa mwaka, bima ikiwemo, na si chini ya dola 4 kwa mwezi. Kwa dola 60,000 hiyo ni dola 72. Nyumbani, tukikadiria bima ya nyongeza kuwa asilimia 1, ni dola 600, na sefu bado haijanunuliwa. Tofauti inatokana na wingi: matofali makubwa ya wakia 400 hivi, yenye kilo kama 12 kila moja, hukaa pamoja chini ya bima moja na walinzi walewale. Ila bei hiyo ni ya fungu lako katika tofali. Anayetaka sarafu mkononi atalipia ubadilishaji na usafirishaji, na unafuu huanza kuyeyuka.

Kwa muuzaji, mwizi wa kuogopwa zaidi ni mtunzaji mwenyewe. Northwest Territorial Mint ya jimbo la Washington, Marekani, iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2016, na ikaonekana kwamba madini ya wateja waliolipia hifadhi hayakuwepo yote. Mwaka 2021 baraza la mahakama liliwatia hatiani mwenye kampuni na msimamizi wa ghala. Ghala halikuvunjwa, na bima ya wizi wa nje haigusi jambo la namna hiyo. Ndiyo maana mkataba lazima useme kwamba dhahabu ni amana: mali ya mteja, iliyotengwa, nje ya mali za muuzaji. Ukisema tu kwamba muuzaji "anadaiwa" wakia kadhaa, akifilisika mteja atapanga foleni na wadai wengine. Dalili nzuri ni ghala linaloendeshwa na kampuni nyingine kama Brink's au Loomis, orodha ya matofali yenye namba na uzito, na mkaguzi wa nje anayeihakiki. Muuzaji anayechelewesha mizigo ya wateja wapya huku akitangaza punguzo, huyo hana dhahabu, ana foleni.

Wapo wanaopinga hifadhi yoyote ya nje kwa hoja ya serikali, na hawazushi. Agizo la Rais Roosevelt la Aprili 1933 liliwataka Wamarekani wakabidhi dhahabu yao kwa dola 20.67 kwa wakia. Machi 2021 FBI ilizoa visanduku vipatavyo 1,400 vya kampuni ya US Private Vaults huko Beverly Hills, na ni Januari 2024 tu mahakama ya rufaa iliposema upekuzi ule ulivunja katiba. Hata hivyo agizo la 1933 lilihusu pia dhahabu iliyokuwa majumbani, na wenye visanduku vya Beverly Hills walikuwa na mtu wa kumshtaki. Aliyeibiwa chumbani mwake usiku hana mshtakiwa. Hoja hii, nionavyo, inatosha kumfanya mtu abaki na sarafu mbili tatu karibu naye, zisizozidi kile ambacho bima yake imekubali kwa maandishi, na aweke nyingine chini ya mamlaka ya nchi anayoiamini. Haitoshi kumfanya arundike zote 20 chini ya ngazi, hasa kama mke na watoto hawajui ziliko.