Masikio Bado Zinapiga “Piiii” Baada ya Shoo? Wasanii wa Kibra na Kawangware, Chekini Hii

Shoo ya Kamukunji pale Kibra imeisha, uko kwa keja, mtaa umetulia, lakini masikio bado zinapiga “piiii”. Wasee wengi hulala tu, wanaamka ikiwa imeisha, wanasahau. Shida ni kuwa kuisha kwa hiyo kelele si kupona. Ndani ya sikio kuna seli za vinywele zinazobeba sauti, na zikishakufa hazimei tena.

Ukisimama karibu na spika ya desibeli 100, muda salama ni kama dakika 15 kwa siku. Ikipanda hadi 103, huo muda unakatwa nusu. Sasa piga hesabu ya dijei anayekaa masaa matano.

Tuseme ni dijei wa Kawangware. Jumamosi spika iko upande wa kushoto, Jumapili sikio la kushoto linalia, Jumatatu limetulia. Baada ya miezi kadhaa anaanza kuongeza trebo kwa miksa, watu wanalalamika ngoma inakwaruza, yeye anaona iko fiti. Hapo ndipo rada. Kelele huanza kuharibu sauti za juu, karibu na hezi 4,000, kwa hivyo visahani vya drumu vinafifia kwake pekee. Pia ndani ya matatu anasikia makanga akiongea lakini hashiki maneno, juu “s” na “f” zimepotea. Ishara zingine: noti moja inasikika tofauti kwa kila sikio, ama mlio wa kijiko kwa sahani unauma.

Sasa uende lini? Kama mlio umepita siku mbili, ama unarudi kila baada ya shoo, ama uko sikio moja tu, tafuta kipimo cha masikio. Hospitali ya Kenyatta, si mbali na Kibra, iko na idara ya masikio, pua na koo. Enda baada ya kukaa bila kelele masaa 14 hivi, la sivyo majibu yatadanganya. Utavaa hedifoni kwa chumba kimya, ubonyeze kila ukisikia mlio mdogo. Waambie wewe ni mwanamuziki, wapime pia hezi 3,000 na 6,000. Na majibu yakiwa poa lakini bado unasikia “piiii”, usikubali kuambiwa unajifanya. Hicho kipimo hakioni kila jeraha.

Kuna kesi moja haingoji Jumatatu. Ukiamka sikio moja limezima ghafla, wengi hudhani ni nta, wanachokora na kijiti cha pamba. Wacha hiyo. Enda hospitali siku hiyo hiyo, kabla masaa 72 yaishe, kwa sababu dawa za kuokoa usikivu hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.

Na ile tishu unasokota unaweka kwa sikio? Haizuii kitu ya maana. Tafuta plagi za sponji, uisokote nyembamba, uvute sikio juu, uiingize, uishikilie hadi ifure.