Hukumu ya Siku Moja: Chati ya Udhibiti na Dosari za Mshono

Aghalabu mkuu wa kiwanda cha kushona nguo, aletewapo jioni hesabu ya mashati yaliyokataliwa na wakaguzi, huifanya hesabu hiyo kuwa hukumu juu ya mafundi wake: siku dosari zilipozidi huwakusanya na kuwakemea, na siku zilipopungua huwasifu, ilhali baina ya siku hizo mbili hakuna lililobadilika kiwandani, wala katika vyerehani, wala katika uzi, wala katika mikono ya watu. Dai la makala haya ni kwamba utaratibu wa DMAIC, yaani kufafanua, kupima, kuchambua, kuboresha na kudhibiti, hupotea njia pale chati ya udhibiti inapoachwa hadi hatua ya mwisho, kwa kuwa chati hiyo ndiyo imwambiayo mtafiti, tangu hatua ya pili, ni sababu ya aina gani anayoitafuta.

Historia yenyewe yathibitisha jambo hili. Walter Shewhart aliichora chati ya kwanza mwezi wa Mei mwaka 1924, alipokuwa akiitumikia kampuni ya Western Electric, tawi la mfumo wa simu wa Bell huko Marekani, zaidi ya miaka sitini kabla ya kampuni ya Motorola kuanzisha, mwaka 1986, mpango wa ubora uliokuja kuzaa DMAIC. Muradi wa Shewhart ulikuwa kutenga mabadiliko ya namna mbili: yale yatokayo ndani ya mfumo wenyewe kila siku, na yale yaletwayo na jambo mahsusi lililoingia kutoka nje ya kawaida.

Viwanda vya Tanzania vishonavyo kwa soko la nje, kama Tooku ya Dar es Salaam na Mazava ya Morogoro, viko mbali na Nyanda za Juu Kusini; kwa hiyo natwaa mfano wa kukadiria, usiokuwa wa mtu wala wa kampuni yoyote, wa karakana ya Mbalizi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, inayoshona mashati ya shule ya kitambaa cha polista na pamba. Tuseme mnunuzi amekubali dosari zisizozidi asilimia 5. Katika hatua ya kufafanua, sharti iandikwe bayana kwamba kinachohesabiwa ni shati lenye dosari, si dosari moja moja, maana shati moja laweza kuwa na kola iliyopinda, uzi uliobaki na mshono ulioruka kwa pamoja, na mwenye kuchanganya hesabu hizi mbili hatajua alichokipima. Kabla ya kupima, wakaguzi wawili wapewe mashati hamsini yaleyale, kila mmoja peke yake, kisha wapewe tena kesho yake pasipo kuambiwa; wakihitilafiana, dosari ya kwanza ya kurekebishwa imo katika macho ya ukaguzi.

Kila siku, kwa siku 20, hukaguliwa mashati 200 yaliyotwaliwa asubuhi, adhuhuri na alasiri. Jumla ni mashati 4,000, na yenye dosari ni 320, yaani wastani wa asilimia 8, au mashati 16 kwa siku. Mipaka hupatikana kwa kanuni hii:

```
p ± 3 √( p(1 − p) / n )
```

ambapo p ni 0.08 na n ni 200. Kipeuo cha pili hutoa takriban 0.019, na mara tatu yake ni 0.0575, basi mpaka wa juu ni asilimia 13.75, na wa chini ni asilimia 2.25. Kwa idadi ya mashati ni baina ya 5 na 27.

Hapo ndipo chati huanza kusomwa. Siku ya tano mashati mabovu yalikuwa 24, na mkuu akakasirika. Siku ya sita yakawa 13, naye akaamini kwamba ukali wake ndio ulioyapunguza. Lakini 24 imo ndani ya mipaka, na siku ifuatayo hesabu ya juu namna hiyo ilikuwa ielekee kushuka karibu na wastani hata kama angenyamaza. Kemeo hilo halikuponya kitu, ila liliwafunza mafundi kuyaficha mashati mabovu chini ya meza. Siku ya 12, kwa upande mwingine, yalikuwa 31, nje ya mpaka wa juu, na hiyo ndiyo siku ya kuuliza: ni nini kilichotokea leo? Yalipopangwa kwa cherehani, yakabainika mengi yametoka katika mashine moja ya kola, ambayo sindano yake ilipinda kidogo asubuhi ile. Sindano inapoanza kupanda, uzi hufanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu lake, na ncha ya ndoano ya bobini hupita ikikinasa. Sindano ikipinda au ikiwa butu, kitanzi hukaa mbali au huwa chembamba, ndoano hupita tupu, na mshono huruka.

Sababu mahsusi ikishajulikana na kuondolewa, siku ile hutolewa katika hesabu: 289 kwa 3,800, yaani asilimia 7.6. Hii ndiyo habari nzito kuliko zote, kwamba karakana imetulia, na imetulia mahali pabaya. Mstari wa asilimia 5 wa mnunuzi usichorwe kamwe kama mpaka wa chati, kwa sababu ule ni matakwa yake, na chati ni sauti ya mfumo. Mfumo uliotulia kwenye asilimia 7.6 hauwezi kushushwa hadi 5 kwa kumtafuta fundi mkosaji, maana taksiri haimo kwa mtu mmoja.

Uchambuzi basi huuliza ni nini kilicho cha kawaida kila siku. Mashati mabovu yakigawanywa kwa aina, ikaonekana karibu nusu ni mshono ulioruka, na kwamba karakana hubadili sindano pale tu inapovunjika, dhana huwa na uzito. Jaribio lake ni kubadili sindano kila zamu katika safu moja ya vyerehani, huku safu ya pili ikiachwa kama ilivyokuwa, kwa siku zilezile na kitambaa kilekile. Nukta nane mfululizo chini ya wastani, kanuni iliyomo katika kitabu cha kampuni ya Western Electric cha mwaka 1956, ni ishara ya mabadiliko ya kweli. Hapo, na si kabla, mipaka hupigwa upya: tuseme wastani mpya ni asilimia 4, basi mpaka wa juu ni asilimia 8.2, na wa chini hutoka hasi, kwa hiyo huhesabiwa sifuri. Hivyo mashati 17 katika 200, ambayo zamani yalikuwa ya siku ya kawaida, sasa ni sababu ya kusimamisha kazi.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vingi huipita upesi. Kanuni ile hudhani kwamba kila shati hupata au hukosa dosari peke yake, lakini vitambaa hukatwa kwa tabaka na kushonwa kwa mafungu, hata kosa moja la mkasi huliharibu fungu zima. Mipaka basi huwa myembamba kupita kiasi, na nukta huruka nje juu na chini pasipo sababu mpya yoyote. Mwenye kuona hali hiyo asiwatuhumu mafundi. Na arudi mezani pa kukatia, ahesabu kwa mafungu, au atumie chati ya nukta moja moja inayopima mtawanyiko wa siku hadi siku.

Hatua ya kudhibiti hukaa katika karatasi moja ukutani, karibu na meza ya ukaguzi, ambayo msimamizi wa safu huitia nukta kwa kalamu yake mwenyewe kila jioni, ikiwa na maelezo chini yake ya nani aitwe nukta inapovuka mpaka, na ni nini kikaguliwe kwanza: sindano, mkazo wa uzi, kisha fungu lililotoka mezani.