Tahadhari mbili za mkutano mmoja: kalenda ya simu katika Kolwezi

Kalenda ya simu haihifadhi saa ya kulia. Inahifadhi mwanzo wa tukio, kisha pembeni yake inaandika muda wa kurudi nyuma: dakika 10, saa 3, siku 1. Kila muda wa namna hiyo ni tahadhari moja inayojitegemea, na tukio moja linaweza kubeba kadhaa. Simu hutoa muda huo kwenye saa ya mwanzo na kupata wakati wa kulia. Ndiyo maana mkutano ukisogezwa kutoka asubuhi hadi alasiri, tahadhari zake zote husogea nao bila kuguswa, jambo ambalo saa ya kuamshia haiwezi kulifanya. Na ndiyo maana vilevile mwanzo ukiandikwa vibaya, tahadhari zote hukosea kwa kiasi kilekile, hata ziwe tano.

Katika Kolwezi kosa la mwanzo ni rahisi kulifanya, kwa sababu Kongo ina saa mbili. Kinshasa na magharibi ya nchi hufuata saa iliyo mbele ya ile ya dunia, UTC, kwa saa moja. Lualaba, pamoja na Katanga Juu, Kasai, Kivu na mashariki yote, iko mbele kwa saa mbili. Kinshasa ikiwa 10:00, Kolwezi ni 11:00. (Saa zote humu nimeziandika kama kioo cha simu kinavyozionyesha, kwa hiyo 11:00 ni saa tano ya asubuhi.) Nchi haina saa ya kiangazi, hivyo tofauti hiyo ni ileile mwaka mzima.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vipuri vya malori mtaa wa Dilala. Alhamisi tarehe 12 Machi 2026 ana mkutano wa video na muuzaji wake wa Kinshasa, saa 10:00 ya kule. Anahitaji kukumbushwa mara mbili kwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuandaa: orodha ya bei, ankara za mwezi uliopita, simu iliyojaa chaji na bando la kutosha. Ya pili ni kuketi tu na kufungua kiungo. Kazi ya kwanza inataka jioni nzima, ya pili dakika 10. Mimi huona kwamba hapa ndipo pa kuanzia kila mara: usichague tahadhari kwa mazoea, chagua kwa muda ambao kazi yenyewe itakula. Tahadhari isiyo na kazi huzoeleka, na iliyozoeleka hufutwa kwa kidole bila kusomwa.

Simu nyingi mjini zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo katika kalenda ya Google atayaona maneno ya Kifaransa. Anafungua tukio jipya, anaandika jina, anaweka tarehe 12. Kabla ya kugusa tahadhari, anafungua sehemu ya `Fuseau horaire` na kuchagua saa za Kinshasa, kisha anaandika 10:00 kama muuzaji alivyomwambia. Simu yenyewe itamwonyesha 11:00 kwenye ratiba yake. Hii ni salama kuliko kujumlisha kichwani, maana anayejumlisha leo kesho hupunguza. Halafu anagusa `Ajouter une notification` na kuchagua dakika 10. Anaigusa tena kwa ajili ya tahadhari ya pili, na hapo kuna mtego mdogo.

Akichagua siku 1 kabla, simu italia Jumatano saa 11:00, yaani saa ileile ya mkutano, siku moja nyuma. Saa hiyo yuko dukani na wateja wamemzunguka. Kwa anayefanya kazi mgodini hali ni ngumu zaidi, kwani sehemu nyingi za kazi haziruhusu simu mkononi wakati wa zamu. Ukumbusho wa kuandaa unapaswa kumfikia mtu mahali anapoweza kuandaa. Kwa hiyo anachagua `Personnalisé` na kuandika saa 15. Kutoka 11:00 ya Alhamisi, saa 15 nyuma ni 20:00 ya Jumatano, akiwa nyumbani. Siku 1 hufaa tu kwa tukio lenye saa ambayo siku ya kabla yake huwa uko huru.

Ndani ya faili la kalenda, kwa mtindo uitwao iCalendar uliowekwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, kiini cha tukio hilo huonekana hivi:

```
BEGIN:VEVENT
SUMMARY:Mkutano wa bei
DTSTART;TZID=Africa/Kinshasa:20260312T100000
BEGIN:VALARM
ACTION:DISPLAY
DESCRIPTION:Andaa orodha ya bei
TRIGGER:-PT15H
END:VALARM
BEGIN:VALARM
ACTION:DISPLAY
DESCRIPTION:Fungua kiungo
TRIGGER:-PT10M
END:VALARM
END:VEVENT
```

Kila `VALARM` ni tahadhari moja, na alama ya kutoa katika `TRIGGER` ndiyo inayorudi nyuma kutoka mwanzo. `PT15H` ni saa 15, `PT10M` ni dakika 10, na siku moja ingeandikwa `P1D`. Kwa Kolwezi yenyewe jina la saa ni `Africa/Lubumbashi`. Anayeona `Africa/Kinshasa` kwenye tukio la mtu wa Kolwezi na watu wa Kolwezi ana sababu ya kusita.

Kusita huko kuna chanzo cha kawaida. Mtu hununua simu, anaiwasha, na simu inachukua saa za Kinshasa. Akiona iko nyuma kwa saa moja, anazima saa ya kujiendesha na kuisukuma mbele kwa mkono. Kioo sasa kinasema kweli, ila ndani simu bado inaamini iko Kinshasa. Matukio anayojiandikia mwenyewe yatalia sawasawa, na ndiyo sababu hatagundua kitu kwa miezi. Siku akipokea mwaliko wa muuzaji, simu itauonyesha saa 10:00 na kulia saa 9:50 ya Kolwezi, saa nzima kabla ya wakati wake. Akituma mwaliko wake wa saa 11:00, mtu wa Kinshasa atauona saa 11:00 ya kwake, ambayo Kolwezi ni 12:00. Njia ya kujua ni kufungua programu ya saa na kuongeza mji wa Kinshasa kwenye saa za dunia. Ikiwa Kinshasa na simu yako zinaonyesha saa ileile, ukanda wa saa umekosewa. Usiiguse saa. Badilisha ukanda uwe wa Lubumbashi, kisha urudishe saa ya kujiendesha.

Wanaofanya kazi na kampuni za nje wana tatizo jingine. Glencore, mwenye hisa nyingi katika Kamoto Copper Company, makao yake yako Baar, Uswisi, na Uswisi hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka. Kikao cha kila wiki kilichowekwa Uswisi saa 10:00 huangukia 11:00 ya Kolwezi wakati wa baridi, na kuanzia Jumapili ya tarehe 29 Machi 2026 hadi tarehe 25 Oktoba 2026 huangukia 10:00. Aliyeukubali mwaliko wenyewe hana shida, tahadhari zake zitahama pamoja na kikao. Aliyejinakilia saa kwa mkono ataingia Jumatatu ya tarehe 30 Machi na kukuta watu wameshatawanyika.

Mwaliko hata hivyo haubebi kila kitu. Katika kalenda ya Google tahadhari ni za mtu binafsi. Mwenye duka akiweka saa 15 na dakika 10 kisha akamwalika karani wake, karani atapata tukio pamoja na tahadhari za kawaida za kalenda yake mwenyewe, siyo zile mbili. Lazima aziweke upya kwake. Google huruhusu hadi tahadhari tano kwa tukio, na ya mbali zaidi ni wiki nne kabla. Kwenye iPhone kuna nafasi ya tahadhari ya kwanza na ya pili. Outlook ya zamani ya kompyuta, ambayo bado iko kwenye ofisi nyingi, ina moja tu kwa tukio. Huko dawa ni kuunda tukio la pili fupi, Jumatano saa 20:00, lenye jina la kazi ya kuandaa. Ubaya wake ni kwamba mkutano ukihamishwa, tukio hilo la pili halihami.

Matukio ya siku nzima yanahesabiwa kwa namna nyingine, kwa kuwa hayana saa ya mwanzo. Mfano mzuri ni tamko la kodi ya TVA, linalotakiwa kufika tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukiliweka kama tukio la `Toute la journée` linalorudi kila mwezi, Google itakuuliza siku ngapi kabla na saa ngapi ya siku hiyo, kwa mfano siku 1 kabla saa 9:00. Lakini kalenda haijui Jumapili. Tarehe 15 ya Februari, ya Machi na ya Novemba 2026 zote ni Jumapili, na siku moja kabla ni Jumamosi, wakati mhasibu hapatikani. Kwa tarehe kama hizo siku 1 ni fupi mno. Weka siku 5 kwa kukusanya ankara na siku 3 kwa kulipa. Hata 15 ikiwa Jumapili, siku 3 kabla ni Alhamisi.

Hata hesabu ikiwa safi, simu inaweza kunyamaza. Tahadhari ikishaingia kwenye simu haihitaji mtandao, kwa hiyo mtandao ukikatika italia tu. Ila badiliko lililofanywa Kinshasa wakati huna data halitakufikia, na simu italia kwa saa ya zamani. Umeme wa SNEL ukikatika usiku na betri ikaisha, ya dakika 10 itapita simu ikiwa imezimika. Pia arifa ya kalenda siyo mlio wa kuamsha: mara nyingi hulia mara moja kwa sauti fupi, na mahali penye malori yanayonguruma haisikiki. Kwa lisilopaswa kukosekana, ongeza saa ya kuamshia ya kawaida.

Zaidi ya hayo, simu nyingi za Android za bei nafuu hufunga programu zilizolala ili kulinda betri. Kuijaribu yako, unda tukio litakaloanza baada ya saa mbili, liwekee tahadhari ya saa 1 na ya dakika 10, zima kioo, uiache mezani bila chaja. Zote mbili zikilia kwa wakati, simu iko sawa. Zikija pamoja pale tu unapowasha kioo, programu ya kalenda ilikuwa imelazwa: nenda kwenye mipangilio ya betri, uitoe katika programu zinazobanwa, kisha urudie jaribio. Isipotokea hata moja, tafuta kwenye mipangilio ya arifa, kwani kuna uwezekano arifa za kalenda zimezimwa kabisa.