Sigara katika Kliniki ya Tiba na Matunzo: Mahali Ambapo Kidonge cha ARV Hakifiki

Majibu ya kipimo cha wingi wa virusi yanaporudi yakisoma chini ya nakala 50 kwa mililita ya damu, mtoa huduma hutabasamu, humpa mteja hongera na kumkabidhi chupa za dawa za miezi mitatu au sita. Hongera hiyo ni ya haki. Mtu huyo amemeza kidonge kila siku, pengine kwa siri, pengine huku akisafiri, na virusi vimefubazwa kiasi kwamba hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya ngono. Lakini anapofika nje ya geti akawasha sigara, kazi ya kulinda maisha yake imebaki nusu, na kliniki mara nyingi haina habari. Katika makala hii ninadai kwamba kuacha sigara ni sehemu ya tiba ya VVU, na kwamba kunastahili kufanyiwa kazi kwa ufundi uleule tunaoutumia katika ufuasi wa dawa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Denmark. Mwaka 2013 Marie Helleberg na wenzake walichapisha uchambuzi wa karibu watu 3,000 wanaoishi na VVU katika nchi hiyo, ambako matibabu ni bure na wagonjwa hufuatiliwa kwa karibu. Walijiuliza ni miaka mingapi ya maisha mtu hupoteza kwa sababu ya virusi, na ni mingapi kwa sababu ya sigara. Kwa mtu wa miaka 35 jibu lilikuwa takribani miaka 5 kwa virusi na takribani miaka 12 kwa sigara. Kwa maneno mengine, mahali ambapo ARV zinapatikana na zinamezwa, sigara ilikula umri mara mbili na zaidi ya ule ulioliwa na virusi vyenyewe.

Tarakimu hizo hazihamishiki kama zilivyo hadi Mbeya au Kisumu. Huku kwetu bado wapo watu wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa, na bado magonjwa nyemelezi yanaua. Ila mwelekeo unahamishika, kwa sababu kadiri dawa zinavyofanikiwa kuwafikisha watu uzeeni, ndivyo sigara inavyopata muda wa kumaliza kazi yake ndani ya miili yao. Tena sisi tuna kifua kikuu, ambacho Denmark ni nadra.

Ili kuelewa kwa nini kidonge hakitoshi, tuanzie kwenye mapafu. Ndani ya vifuko vya hewa kuna seli walinzi zinazomeza vumbi na vijidudu. VVU huingia katika seli hizo na kuzipunguzia uwezo wa kumeza na kuua. Moshi wa tumbaku huzidhoofisha kwa njia yake, na papo hapo huharibu vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia za hewa. ARV huzuia virusi kuzaliana, lakini haziondoi lami, haziotishi vinyweleo, wala hazizimi kabisa uvimbe wa chinichini unaobaki mwilini hata virusi visipoonekana. Utafiti wa kimataifa wa START ulionyesha kwamba kuanza ARV mapema kunapunguza magonjwa makubwa. Katika tawi lake moja, watafiti waliwapima pumzi washiriki wapatao 1,000 ili kuona kama kuanza mapema kungepunguza kasi ya mapafu kuchoka. Matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti. Hilo halipunguzi thamani ya dawa hata kidogo. Linatuonyesha mpaka wake tu.

Hapa ndipo kifua kikuu kinapoingia. Uvutaji peke yake huongeza hatari ya kuugua TB karibu mara mbili, na VVU huiongeza zaidi ya hapo. Hatari nyingine iko katika maswali ya uchunguzi tunayomwuliza kila mteja wa CTC: je, unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua uzito? Mvutaji anayekohoa kila asubuhi hujibu kwamba hicho ni kikohozi chake cha sigara, amekizoea miaka yote. Mhudumu mwenye foleni ya watu 60 hushawishika kukubali, na makohozi hayapelekwi maabara. Kwa mtu anayeishi na VVU kikohozi cha muda wowote ni dalili, na sigara haipaswi kupokewa kama maelezo yake mpaka kipimo kiseme hapana. Akikutwa na TB, rifampisini itapunguza kiwango cha dolutegraviri katika damu, hivyo miligramu 50 za usiku zitahitaji nyongeza ya 50 nyingine baada ya saa 12. Mtu aliyekuwa na kidonge kimoja kwa siku sasa ana kiganja kizima cha dawa. Ufuasi wake unajaribiwa na ugonjwa ambao sigara iliufungulia mlango.

Wavutaji wengi hupatana na nafsi zao kwa kupunguza: kutoka 12 hadi 4, au moja tu baada ya chakula. Kwa moyo na mishipa ya damu mapatano hayo yana faida ndogo kuliko yanavyodhaniwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayobebwa na sigara 20. Kuacha kabisa ni jambo jingine. Miongoni mwa watu wanaoishi na VVU waliofuatiliwa Ulaya, Marekani na Australia, wale walioacha kwa zaidi ya miaka mitatu walikuwa na hatari ya shambulio la moyo iliyoshuka waziwazi ikilinganishwa na wale walioacha ndani ya mwaka mmoja, ingawa bado haikuwa imefika ya mtu asiyewahi kuvuta. Mwili husamehe, lakini polepole.

Tumchukue sasa mtu mmoja, wa kubuni, ingawa wahudumu wengi watamtambua. Ni utingo wa lori la mizigo, ana miaka 38, anameza TLD saa tatu usiku, na virusi vyake vimefubazwa kwa miaka sita. Hununua sigara moja moja barabarani, ndiyo maana akiulizwa anavuta pakiti ngapi hujibu kwa uaminifu kwamba hanunui pakiti. Swali hilo halifai. Maswali mawili yanayofaa ni haya: tangu unapoamka, ya kwanza unaivuta baada ya dakika ngapi? Na jana, tangu alfajiri hadi kulala, ulivuta ngapi? Anajibu dakika kumi, na wakihesabu pamoja kituo kwa kituo zinafika 12. Kuvuta ndani ya nusu saa ya kuamka ndiyo ishara kubwa ya utegemezi: nikotini huisha damuni upesi, nusu yake ikitoweka kila baada ya saa mbili hivi, na usiku mzima bila sigara humwamsha akiwa na arosto.

Arosto ndiyo inayoeleza kauli yake ya pili, kwamba anavuta ili kutuliza mawazo, na ana sababu za kuwa na mawazo. Asipingwe wala asihubiriwe. Aelezwe kwamba sehemu kubwa ya utulivu anaoupata ni arosto iliyoletwa na sigara iliyopita kuzimwa na hii ya sasa. Wanaoacha, baada ya majuma machache magumu, hupungukiwa na wasiwasi badala ya kuongezewa.

Wanapanga siku ya kuacha majuma mawili mbele, siku ambayo hana safari ya usiku. Kwa kuwa anavuta zaidi ya 10, kiraka cha nikotini kinachomfaa ni cha miligramu 21 kila asubuhi kwa majuma sita, kisha 14 kwa majuma mawili, kisha 7 kwa mawili mengine. Kiraka hubandikwa sehemu mpya ya ngozi kila siku, na kikimletea ndoto za kumchosha hutolewa wakati wa kulala. Kwa tamaa ya ghafla anapewa jojo ya nikotini ya miligramu 4, aitafune mpaka mdomo uwashe, kisha aibane kati ya shavu na fizi. Asinywe chai wala kahawa robo saa kabla na wakati wa kuitumia, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia nikotini kupenya mdomoni. Nikotini ya kiraka na jojo haigombani na TLD. Vareniklini nayo, inayoanza juma moja kabla ya siku ya kuacha kwa dozi ndogo inayopandishwa na kutumika kwa majuma 12, hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo za anayetumia tenofoviri hupaswa kuangaliwa kwa vyovyote. Bupropioni ndiyo inayohitaji tahadhari, maana efavirenzi na ritonaviri huipunguza nguvu damuni, tena haimfai mwenye kifafa.

Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nikotini tangu 2009, na hizo mbili tangu 2021. Katika kliniki nyingi za wilaya hazimo kabatini. Hilo ni pengo la sera, na wanaoandaa miongozo ya kitaifa wanapaswa kulijibu. Lakini hata kabati likiwa tupu, ratiba inabaki, na hapa mafanikio yetu yametuwekea mtego. Mteja aliye imara huja mara mbili au nne kwa mwaka, ilhali arosto hufikia kilele ndani ya juma la kwanza. Ushauri wa mara moja dirishani, kisha kimya cha miezi sita, ni sawa na kutotoa ushauri. Mwelimishaji rika anaweza kumpigia simu utingo wetu siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30, kama anavyompigia mteja aliyekosa siku ya dawa.

Mambo mawili asiachwe ayagundue peke yake. La kwanza ni uzito: wanaoacha sigara huongezeka kilo kadhaa katika mwaka wa kwanza, na dolutegraviri nayo huhusishwa na kunenepa. Kwetu, ambako kukonda kumekuwa kukisomwa kama tangazo la ugonjwa, wengine watafurahi, lakini shinikizo la damu lipimwe. La pili ni kuteleza. Akivuta moja baa siku ya 19, asimeze aibu akaikimbia kliniki. Na asiambiwe kamwe kwamba moshi unaua nguvu ya ARV, kwa sababu si kweli kwa TLD, na anayeamini hivyo anaweza kuacha kidonge siku anayovuta. Aambiwe ameze kidonge saa tatu kama kawaida, sigara iliyobaki aitupe, na hesabu ianze upya kesho asubuhi.

Kwenu wenzangu mnaokaa dirishani CTC: mteja wa kwanza wa kesho mwulizeni ya kwanza anaivuta baada ya dakika ngapi tangu kuamka, na jibu lake liandikeni kwenye faili, karibu na wingi wa virusi.