Wimbo wa siku za juma

Wimbo wa siku za juma ni wimbo mfupi unaoimbwa na watoto wa chekechea wakiwa wamekaa kwenye duara, ili wajue majina ya siku saba na mfuatano wake. Maneno na tuni hutofautiana kutoka shule hadi shule.

Mdundo

Kwa Kiswahili kila jina la siku lina silabi nne: Ju-ma-mo-si, Ju-ma-pi-li, Ju-ma-ta-tu, Ju-ma-n-ne, Ju-ma-ta-no, Al-ha-mi-si, I-ju-ma-a. Mkazo uko daima kwenye silabi ya tatu. Hivyo kila siku hupata makofi manne bila kurefusha wala kukatisha neno. Kwa kuwa siku ni saba, mara nyingi huongezwa kifungu cha nane chenye silabi nne, kwa mfano "siku saba", ili tuni ikamilike.

Makofi humsaidia pia mwalimu kutambua makosa. Mtoto anayetamka "Jumane" au "Ijuma" hubaki na kofi moja lisilo na silabi.

Majina na hesabu

Majina matano ya kwanza yana namba ndani yake: mosi, pili, tatu, nne na tano. Hesabu huanza Jumamosi, yaani siku inayofuata Ijumaa, ambayo ni siku ya Waislamu kukusanyika kwa sala. Jina Alhamisi limetoka katika Kiarabu na maana yake ni "ya tano", kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma la Kiswahili lina siku mbili za "tano" zinazofuatana, lakini halina "Jumasita". Watoto waliokwisha kujifunza kuhesabu huweza kulibuni jina hilo wenyewe.

Wimbo ukianza Jumamosi, namba hufuatana vizuri. Ukianza Jumatatu, unalingana na juma la masomo, lakini siku ya kwanza shuleni inaitwa "tatu". Mfuatano wenyewe haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia tu.

Matumizi darasani

Mtoto anaweza kuimba siku zote saba bila kujua siku gani inafuata Jumatano. Dalili yake ni kwamba akiulizwa, anarudi mwanzo wa wimbo na kuimba kwa sauti ya chini mpaka afike hapo.

Njia mojawapo ya kurekebisha hali hiyo ni kuanza wimbo kwa siku ya leo. Kama leo ni Jumatano, duara huanza "Jumatano, Alhamisi, Ijumaa" na kuendelea hadi Jumanne. Kisha mwalimu huuliza: jana ilikuwa siku gani? Kesho je? Jibu la "kesho" ni jina la pili lililoimbwa, na la "jana" ni la mwisho. Kesho yake wimbo huanza Alhamisi, na watoto husikia kwamba juma ni mzunguko usio na mwisho.