Maneno ya Siku ya Kuhama

"Mwanangu, ukitoka Jumamosi acha funguo, soma mita, fanya usafi, niachie na anwani." Mama mwenye nyumba wa Dar es Salaam akimwandikia mpangaji wake hivi, ameagiza mambo manne kwa heshima na kwa ufupi. Anayepokea ujumbe ataujibu, "Sawa mama," na kila mmoja atabaki na picha yake. Ugomvi wa wiki inayofuata mara nyingi hauletwi na ubaya wa mtu. Huletwa na maneno mapana mno kwa siku ambayo kila kitu kinatakiwa kihesabike.

Sarufi ya shule inatufundisha ufunguo mmoja, funguo nyingi. Mtaani tumeziunganisha: mtu hushika mmoja mkononi akasema "funguo yangu", na hakuna anayeshtuka. Mazungumzo hayaharibiki kwa hilo, lakini katika ujumbe wa kuhama hesabu nzima imepotea. Mpangaji huacha ule wa mlango mkubwa, kumbe alipewa na wa geti, na wa stoo, na kuna mwingine aliouchongesha kwa fundi ili dada wa kazi awe nao. Ule wa kuchongesha ndio unaomkosesha mama usingizi, maana haumo katika idadi aliyoitoa yeye. Neno "acha" nalo halisaidii. Ufunguo unaweza kuachwa juu ya dirisha au kwa jirani. Kiswahili kina "kabidhi", kitenzi kinachodai watu wawili, mmoja anatoa na mwingine anapokea akiwa anajua anachopokea. Andika "nikabidhi funguo zote tatu, na ule uliouchongesha", na ubishi unapungua sana. Ukikosekana mmoja, kitasa kitabadilishwa, na gharama yake ijadiliwe mkiwa mmesimama pale mlangoni.

Agizo la "soma mita" ndilo lenye mtego mkubwa zaidi, kwa sababu katika nyumba moja lina maana mbili zinazokwenda kinyume. Mita ya maji huhesabu kwenda mbele. Namba zake hukua tangu siku ilipofungwa, na anayeisoma hutafuta tofauti kati ya leo na mara ya mwisho. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ni malipo ya kabla, na namba ambayo mpangaji amezoea kuitazama hurudi nyuma: ni uniti zilizobaki. Enzi za bili ya umeme ya mwisho wa mwezi, msoma mita alipita nyumba hadi nyumba kuandika namba. Kwa LUKU kazi hiyo ilikwisha, lakini kitenzi chake tumebaki nacho. Kwa umeme afadhali tuseme "angalia salio", na "soma mita" tuliachie maji.

Tuanze na maji. Tuseme bili ya mwisho iliishia 412, na asubuhi ya kuhama mita inaonyesha 419. Mpangaji ametumia uniti 7 ambazo bado hazijaingia kwenye bili yoyote. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kwa hiyo hizo ni lita 7,000. Zidisha 7 kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye bili ya mwisho, ongeza tozo zilizoonyeshwa pale, na deni la mpangaji linajulikana kabla bili mpya haijatoka. Katika mita nyingi tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, na nyekundu ni sehemu za uniti. Anayesoma zote kwa pamoja ataandika 419,350 na kumtisha mwenzake bure. Ipigwe picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita yenyewe, kwa sababu katika ua wenye mita tatu ukutani, picha ya tarakimu peke yake haithibitishi ni ya nani. Kisha mifereji yote ifungwe na mita itazamwe tena. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja, na huenda sehemu ya zile uniti 7 si matumizi ya mpangaji.

Umeme una hesabu tofauti. Uniti zilizobaki kwenye LUKU ni fedha ya mpangaji, lakini hawezi kuihamishia nyumba mpya. Tokeni yenye tarakimu 20 hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na mita nyingine huikataa. Kwa hiyo wiki ya mwisho inunuliwe kidogo kidogo, na zikibaki uniti 30, wakubaliane kama mama atazirudisha kwa fedha au zitaachwa kwa hiari. Ziko pia pesa zinazokwenda upande wa pili. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kiwango kilipanda baadaye. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mwezi usiponunuliwa umeme, deni husubiri, na mpangaji mpya akinunua mara ya kwanza hupata uniti pungufu asijue sababu. Neno "kodi" lenyewe linazidisha utata, kwa kuwa ndilo tunalolitumia kwa pango la nyumba na kwa malipo ya serikali. Katika ujumbe wa kuhama liandikwe kwa ukamilifu kila mara: kodi ya pango, kodi ya jengo.

Kuhusu usafi, kufagia na kupiga deki hakuna anayebisha. Ubishi uko ukutani. Hapo tunahitaji kutenganisha uchafu, uchakavu na uharibifu, na maji ya sabuni yanasaidia kuanza. Masizi ya jiko la mkaa na mafuta ya kukaangia yakitoka kwa kusugua, ni uchafu, na ni kazi ya anayehama. Rangi iliyofifia kwa jua la miaka haitoki wala hairudi. Huo ni uchakavu, na mwenye nyumba alishalipwa kwa ajili yake ndani ya kodi ya pango. Kioo kilichovunjika au sinki lililopasuka ni uharibifu, unaolipwa na aliyeusababisha. Agizo la "iache kama ulivyoikuta" linafuta mipaka hiyo yote.

Anwani haina ubishi mkubwa. Barua zetu nyingi huenda kwenye sanduku la posta, nalo ni la mtu au la ofisi yake, halibaki na nyumba. Kinachobaki na nyumba ni namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti ya maji, kwa kuwa bili huja kwa ujumbe. Ikiwa ni ya mpangaji, ibadilishwe, la sivyo ataendelea kupokea bili za mtu mwingine. Namba ya nyumba na jina la mtaa mpya, vilivyobandikwa katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, vinatosha kwa mzigo uliochelewa. Mimi ningeandika "namba na mahali pa kukupata".

Kwa hiyo mama angeweza kuandika: "Mwanangu, Jumamosi saa nne tukutane nyumbani. Unikabidhi funguo tatu na ule wa kuchongesha. Tusome mita ya maji pamoja, tupige picha, tuangalie na salio la LUKU. Jikoni na chooni pasuguliwe. Rangi iliyofifia usihangaike nayo. Niachie namba na mahali pa kukupata." Mpangaji naye akijibu, arudie idadi ya funguo na namba zilizosomwa, ili ziwe katika simu zote mbili.